Sura ya Nne: Alama za Wakati katika Filamu ya Mechi

Mtu apewaye filamu ya mechi nzima ya kandanda, na kuambiwa atoe humo muhtasari wa dakika 3 kabla ya taarifa ya habari ya usiku, aghalabu huingiwa na hofu ya kukata na kuunganisha vipande, ilhali kazi hiyo kwa kompyuta za siku hizi ni ya muda mfupi mno. Kinachomlia wakati wake ni kutafuta. Mechi ya dakika 90, ukiihesabu pamoja na dakika za nyongeza, mapumziko, na zile dakika ambazo kamera imekwisha kuwashwa lakini mpira haujaanza, hukaribia saa mbili, na asiyejua bao liko wapi ndani ya muda huo hana budi kuipeleka filamu mbele na kuirudisha nyuma, akipapita mahali apatakapo, akirudi, akipapita tena. Dawa ya taabu hiyo ni kuandika wakati wa kila tukio palepale linapotokea, mpira ungali unachezwa, ili kipyenga cha mwisho kikilia pasiwe na la kutafuta.

Kuandika matukio ya mchezo ni jambo la zamani. Tarehe 18 Machi 1950, katika uwanja wa Swindon Town huko Uingereza, timu hiyo ilipokuwa ikicheza na Bristol Rovers, mhasibu wa Jeshi la Anga aitwaye Charles Reep alitoa penseli na daftari katika kipindi cha pili, akaanza kuandika kwa ishara fupi kila shambulio na mahali lilipoishia, na desturi hiyo akaishika kwa miaka mingi. Hesabu zake zilimweleza msomaji jambo gani lilitokea na mara ngapi, bali hazikukusudiwa kumrudisha mtu kwenye picha yenyewe. Hilo liliwezekana kwa wepesi katika miaka ya 1990, pale mashine za kampuni ya EVS ya Ubelgiji zilipoingia katika magari ya matangazo, kwa kuwa mashine hizo zilirekodi katika diski badala ya utepe, na kwa sababu hiyo fundi aliweza kurudi nyuma, kutia alama mwanzo na mwisho wa kipande, na kukirusha hewani, hali kamera ikiendelea kurekodi bila kukatizwa. Mtazamaji wa nyumbani aonaye mabao yote ya kipindi cha kwanza mara tu wachezaji wanapoingia vyumbani anaona matunda ya alama zilizotiwa moja moja katika dakika 45 zilizotangulia.

Sura hii inamhusu mtu asiye na gari la matangazo: karani wa klabu, mwalimu wa timu ya vijana, au mwandishi wa kituo kidogo cha televisheni, mwenye kamera yake moja, kompyuta ya mapajani na jedwali la kuandikia. Huyo anaweza kufanya karibu yote yafanywayo na fundi wa diski, lakini sharti kwanza afahamu kwamba mechi moja huendeshwa na saa mbili zisizopatana.

Saa ya kwanza ni ya mchezo, ile inayoonekana katika ubao wa uwanjani na ambayo magazeti huinukulu yanapoandika kwamba fulani alifunga katika dakika ya 36. Saa ya pili ni ya filamu, ambayo huanza sifuri pale kitufe cha kurekodi kinapobonyezwa, na huenda mbele bila kujali mapumziko wala majeruhi. Kompyuta haiijui saa ya mchezo hata kidogo. Itakata kwa saa ya filamu tu. Basi kila wakati ulioandikwa kwa saa ya kwanza hauna budi kugeuzwa kuwa wa saa ya pili, na ugeuzaji huo ndio mahali pa kwanza ambapo kazi huharibika.

Na tuchukue mechi ambayo wasomaji wengi waliitazama, fainali ya Kombe la Dunia iliyochezwa Lusail, Qatar, tarehe 18 Desemba 2022, baina ya Argentina na Ufaransa. Kumbukumbu zinasema kwamba Messi alifunga kwa penalti katika dakika ya 23, Di María katika dakika ya 36, Mbappé kwa penalti katika dakika ya 80 na tena katika ya 81, kisha katika muda wa ziada Messi akafunga katika dakika ya 108 na Mbappé akasawazisha kwa penalti nyingine katika dakika ya 118, hata ikabidi mshindi apatikane kwa mikwaju. Na tuseme kwamba unayo filamu yake iliyorekodiwa mfululizo, na kwamba kwa kuitazama umeona mpira ulianza kuchezwa saa ya filamu ikiwa 00:06:40, na kipindi cha pili kilianza ikiwa 01:14:25. Nyakati hizi mbili za filamu ni za mfano wangu. Za filamu yako utazisoma mwenyewe, kwa kuwa kila aliyerekodi alibonyeza kitufe wakati wake.

Mtu mwenye pupa huzichukua zile 00:06:40, akajumlisha dakika 79, akapata 01:25:40, akaenda hapo kutafuta penalti ya Mbappé. Haioni, wala hawezi kuiona, maana mahali hapo mchezo ungali katika dakika ya 57. Katika hesabu yake amesahau dakika za nyongeza za kipindi cha kwanza, ambazo katika mashindano yale ya Qatar zilikuwa nyingi kwa sababu waamuzi waliagizwa kufidia kikamilifu muda uliopotea, na amesahau mapumziko yenyewe. Jumla ya vitu hivyo viwili katika mfano wetu ni zaidi ya dakika 22. Njia iliyonyooka ni kuhesabu kila kipindi kutoka mwanzo wake mwenyewe: kwa tukio la kipindi cha pili, toa 45 katika dakika ya mchezo, kisha ujumlishe kinachobaki na saa ya filamu ya mwanzo wa kipindi cha pili. Kipindi cha kwanza cha muda wa ziada hutolewa 90, na cha pili 105. Kwa mechi ya Lusail, basi, kunatakiwa nanga nne, yaani saa ya filamu ya mwanzo wa kila kipindi, na bao la Messi la dakika ya 108 halipatikani kwa nanga yoyote isipokuwa ya nne.

Kuna jambo jingine dogo katika dakika hizi za magazeti ambalo huwakosesha hata watu makini. Bao liandikwalo kuwa la dakika ya 80 ni bao lililofungwa ndani ya dakika ya themanini, yaani saa ya uwanjani ikisoma kati ya 79:00 na 80:00, si baada ya hapo. Penalti ya Mbappé, kwa hivyo, imo kati ya 01:48:25 na 01:49:25 ya filamu yetu, na bao lake la pili limo katika dakika inayofuata. Iliripotiwa pia kwamba mabao hayo yalipishana kwa sekunde 97, na mtu akizitia sekunde hizo katika hesabu huona mipaka ikisogeleana: kama la pili halikuvuka 81:00, la kwanza halikuvuka 79:23, na kama la kwanza halikutangulia 79:00, la pili halikutangulia 80:37. Dakika mbili nzima za kutafuta zimekuwa sekunde 23 kwa kila bao, na kalamu ndiyo iliyofanya kazi hiyo, filamu haijaguswa bado.

Hesabu kama hii ni ya mtu aliyekosa kutia alama wakati wa mchezo, naye anajaribu kuokoa kinachookoka kutokana na maandishi ya wengine. Aliyekuwapo uwanjani hana haja nayo. Yeye huandika saa ya filamu moja kwa moja, akiisoma katika kioo cha kamera, au hutumia programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama LongoMatch, Nacsport au Sportscode, ambamo kila aina ya tukio hupewa kitufe chake, na kubonyeza kitufe ni kuandika tukio na wakati kwa pamoja. Ikiwa hana hata programu hizo, saa ya mkononi yatosha, almuradi aiwashe mara tu kipyenga cha kwanza kinapolia na aiwashe upya kipindi cha pili kinapoanza, kwa kuwa mlio wa kipyenga husikika pia katika filamu, na kwa mlio huo saa mbili hizo zitafungamanishwa baadaye bila shaka ya hata sekunde moja.

Sasa tufikie kiini cha kazi. Alama ni nukta ya wakati, bali tukio la kandanda lina mwanzo, mwendo na mwisho, na jicho la mtazamaji hulitaka lote. Litazame bao la Di María. Mpira ulitoka katika nusu ya Argentina, Messi akaugusa kwa wepesi, Álvarez akauachia mbele kwa Mac Allister aliyekuwa akikimbia, naye badala ya kupiga langoni akampenyezea Di María upande wa kushoto, akamalizia. Mwenye kukata kipande kuanzia sekunde 5 kabla ya mpira kuingia wavuni atamwonyesha mtazamaji mtu mmoja akipiga mpira peke yake, na uzuri wote wa bao, ambao ni wa watu wanne waliopokezana mpira katika kasi bila kuugusa zaidi ya ilivyohitajika, atakuwa ameutupa sakafuni. Waama, bao hili lina thamani katika mwanzo wake kuliko katika mwisho wake.

Je, alama itiwe mwanzoni, basi? Haiwezekani, kwa sababu hakuna ajuaye kwamba shambulio litazaa bao mpaka lizae. Mtia alama anayejaribu kubashiri hujaza jedwali mashambulio yaliyofifia, na lile la kweli humpita akiwa bado anaandika la uongo. Kanuni iliyo salama ni kutia alama tukio likiisha, yaani mpira ukiwa wavuni au mikononi mwa kipa au mwamuzi akiwa ameinua kadi, na kuiachia kila aina ya tukio kiasi chake cha kurudi nyuma na kiasi chake cha kwenda mbele. Kwa bao mimi huanza na sekunde 20 za kabla na 10 za baada, maana shangwe nayo ni sehemu ya bao. Kwa mpira uliookolewa na kipa, 10 kabla na 5 baada. Kwa kadi, 8 kabla, ili kosa lenyewe lionekane, na 6 baada. Viasi hivi ni vya kuanzia tu. Bao lililotokana na pasi nyingi huongezewa nyuma kwa mkono, na shuti la mbali lililopigwa ghafula hupunguzwa. Faida moja iliyofichika katika kurudi nyuma kwa ukarimu ni kwamba hufunika uzito wa mkono wa binadamu, kwani hata mtu mwepesi hubonyeza sekunde moja au mbili baada ya jicho lake kuona.

Penalti ina sheria yake peke yake, na wengi huikosea. Kosa lililoleta penalti ya kwanza ya Mbappé, pale Otamendi alipomwangusha Kolo Muani, lilitangulia mkwaju kwa muda unaozidi kabisa sekunde 20 za nyuma, maana kati yao kuna malalamiko ya wachezaji, mpira kuwekwa mahali pake na kipa kwenda mstarini. Kipande kimoja cha kukumbatia yote hayo kingekula nusu ya muhtasari kwa picha za watu waliosimama. Penalti sharti itiwe alama mbili: moja ya kosa, yenye sekunde 8 kabla na 4 baada, na nyingine ya mkwaju, yenye 5 kabla na 10 baada. Vipande viwili hivyo vikiunganishwa, mtazamaji huruka kutoka anguko hadi mpigaji anapoanza kukimbia, wala hasikii kwamba amenyang'anywa kitu.

Jedwali la alama lisiwe na safu nyingi, kwa kuwa mwenye kulijaza macho yake yanatakiwa uwanjani. Safu sita zatosha: wakati kwa sekunde tangu filamu ianze, aina ya tukio, timu, daraja, sekunde za kabla na sekunde za baada. Wakati huandikwa kwa sekunde tupu ili kompyuta iweze kujumlisha na kutoa bila kuhangaika na saa na dakika. 01:50:13, mathalani, ni sekunde 6613. Tukijalia kwamba mabao mawili ya Mbappé yaliangukia ndani ya mipaka tuliyoipata, mistari yake ingekuwa hivi:

```
6516,penalti,UFA,1,5,10
6613,bao,UFA,1,20,10
```

Safu ya nne, ya daraja, ndiyo inayoamua urefu wa muhtasari. Daraja la 1 ni tukio ambalo muhtasari bila yake ni uongo, la 2 ni lile linalostahili kuwamo nafasi ikipatikana, na la 3 ni kwa matumizi ya mwalimu wa timu. Mechi ya Lusail ilikuwa na mabao sita kabla ya mikwaju, na mabao sita yenye karibu sekunde 30 kila moja yanakaribia kumaliza dakika 3, hapana nafasi ya ule mguu wa Emiliano Martínez uliomnyima Kolo Muani bao katika dakika za mwisho kabisa za muda wa ziada, tukio ambalo mimi nisingekubali muhtasari wowote uliache. Mwandaaji hujua hili kwa kujumlisha safu mbili za mwisho za daraja la 1 kabla hajakata hata kipande kimoja, akapunguza shangwe za mabao ya penalti, ambazo hufanana, ili kumpatia kipa haki yake.

Kukata hufanywa kwa programu ya bure iitwayo FFmpeg, ambayo haina madirisha wala picha za kubonyeza. Huandikiwa amri kwa maneno. Bao la pili la Mbappé, lenye alama 6613 na sekunde 20 za kabla, linaanza sekunde 6593 na urefu wake ni 30:

```
ffmpeg -ss 6593 -i mechi.mp4 -t 30 -c copy bao.mp4
```

Maneno `-c copy` yanaiambia programu inakili picha kama zilivyo bila kuzisindika upya, na kwa hiyo kipande hutoka kufumba na kufumbua. Lakini kasi hii ina gharama, na gharama hiyo huwatia watu tashwishi wakidhani alama zao ndizo zilizokosewa. Filamu ya kidijitali haihifadhi kila picha kwa ukamilifu. Huhifadhi picha moja kamili, iitwayo fremu kuu, kisha picha nyingi zifuatazo huzihifadhi kwa tofauti zake tu na zile zinazozizunguka, hata ifike fremu kuu nyingine. Kipande kilichonakiliwa hakiwezi kuanza sawasawa ila penye fremu kuu, na programu hurudi kwenye ile iliyotangulia. Fremu kuu zikiwa kila nusu sekunde, hakuna atakayeona. Lakini faili iliyosindikwa kwa kisindikaji kitumikacho sana cha x264, bila ya kubadilishwa mipango yake, inaweza kuwa na umbali wa hadi fremu 250 baina ya fremu kuu mbili, na kwa filamu ya fremu 25 kwa sekunde huo ni umbali wa sekunde 10. Dalili zake ni mbili: ama kipande huanza mapema kuliko ulivyoagiza, ama picha huganda mwanzoni hali sauti ya watazamaji inakwenda, kisha ghafula ikashtuka na kufuata. Ukiziona dalili hizo, liache jedwali lako kama lilivyo na ubadilishe namna ya kukata.

Namna iliyo salama ni kukisindika upya kila kipande kinapokatwa. Mtu angeogopa ukawiaji wa kusindika filamu ya saa mbili, bali hapa kinachosindikwa ni zile dakika chache zilizochaguliwa tu, jambo ambalo kompyuta ya kawaida hulimudu bila ya mwenyewe kuchoka kungoja. Wala hapana haja ya kuandika amri moja moja; jedwali, likiisha kuchujwa yabaki matukio ya muhtasari tu, hupitiwa lote na mistari hii michache:

```
: > orodha.txt
while IFS=, read -r s tukio timu daraja kabla baada; do
  jina=$(printf "k_%05d.mp4" "$s")
  ffmpeg -nostdin -ss $((s-kabla)) -i mechi.mp4 \
    -t $((kabla+baada)) -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac "$jina"
  echo "file '$jina'" >> orodha.txt
done < alama.csv
```

Mambo mawili humu ndani yameingizwa kwa sababu ya hasara iliyokwisha kuwapata wengi. La kwanza ni `-nostdin`: bila neno hilo, FFmpeg husoma yenyewe jedwali lililokusudiwa kusomwa na mistari inayoiendesha, ikameza baadhi ya herufi, na matokeo yake ni kipande cha kwanza kutoka kizuri na vingine kupotea au kuharibika bila sababu ya dhahiri. La pili ni kule kuandika jina la kila kipande kwa tarakimu tano, sifuri zikitangulia. Mechi ikienda hadi mikwaju ya penalti, saa ya filamu inaweza kuvuka sekunde 10000, na kompyuta inayopanga majina kwa kufuata herufi ingeitanguliza 10200 mbele ya 2535, na mwenye kuviunganisha vipande kwa mpango wa majina angemwonyesha mtazamaji mkwaju wa mwisho kabla ya bao la Di María. Sifuri moja ya mbele, 02535, huiondoa balaa hiyo.

Vipande vikiwa tayari, huunganishwa kwa kufuata orodha iliyojiandika yenyewe:

```
ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy muhtasari.mp4
```

Hapa kunakili ni salama, kwa kuwa vipande vyote vimetoka katika filamu moja na kusindikwa kwa namna moja. Anayechanganya kamera yake na picha za simu ya rafiki aliyekaa nyuma ya goli atakuta sauti ikiachana na picha kadiri muhtasari unavyosonga mbele, kwa sababu simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu kwa sekunde bali hupanda na kushuka kwa kufuata mwanga. Picha hizo sharti kwanza zisindikwe kwa idadi moja na ukubwa mmoja na zile za kamera kuu.

Maafa mengine hutokea kabla ya kukata. Kamera nyingi huivunja filamu ndefu katika faili kadhaa, kwa kuwa mfumo wa FAT32 unaotumika katika kadi nyingi za kumbukumbu hauruhusu faili moja kufikia gigabaiti 4, na kila faili mpya huanza saa yake sifuri. Mwenye jedwali la kipindi kizima aliyelipeleka kwenye faili ya pili atakuta alama zote zimesogea kwa kiasi kimoja. Na usawa huo wa makosa ndio unaoitambulisha sababu, kwani mkono uliokawia hukosea mara zaidi mara pungufu. Tiba ni kuziunganisha faili kwanza, kisha ndipo kulifungua jedwali. Atiaye alama kwa kutazama matangazo badala ya kukaa uwanjani ana hatari yake pia, nayo ni marudio: bao huonyeshwa tena mara mbili au tatu, na aliyekuwa ameinama akiandika huinua macho, akaona mpira ukiingia wavuni, akabonyeza, hali tukio la kweli limepita zamani. Na atambue kwamba picha za matangazo ni mali ya mwenye haki ya kutangaza. Muhtasari wa kutolewa hadharani na utokane na kamera yako, au na ruhusa iliyoandikwa.

Lipo tukio ambalo alama yake huwatatiza hata wazoefu, na bao la tatu la Argentina pale Lusail ni mfano wake. Messi aliusukuma mpira uliorudi kutoka kwa kipa, Koundé akautoa nje ukiwa umekwisha kuvuka mstari, na kwa muda mtazamaji hakuwa na yakini kama ni bao au sivyo, mpaka lilipothibitishwa. Sekunde 10 za baada hazitoshi kwa bao la namna hii, kwa sababu uamuzi na shangwe ya kweli huja baadaye. Na lau lingekataliwa kwa kuotea, ingefaa mstari wake usifutwe katika jedwali, bali ubadilishwe jina lake kutoka bao kuwa bao lililokataliwa, na daraja lake lishushwe kutoka 1 hadi 3. Muhtasari wa televisheni hautauchukua tena, lakini siku ya pili yake mwalimu wa mabeki atakapotaka kuonyeshwa kila mara ambapo wapinzani waliotea nyuma ya mstari wake wa ulinzi, mistari yenye jina hilo itachujwa kutoka katika jedwali lilelile, ikapitishwa katika amri zilezile, na kabla wachezaji hawajamaliza kuvaa viatu vya mazoezi vipande vyao vitakuwa vimekwisha kupangwa kwa zamu yake.